Jamvi juu ya kifusi: kulilaza ardhini au kulibebesha kuta

Tuchukue nyumba moja ya kawaida iliyo kwenye mteremko wa Goba, Dar es Salaam. Ndani ina upana wa mita 9 na urefu wa mita 11, na kiwanja kinashuka kuelekea nyuma. Kuta za msingi zimekwisha kujengwa kwa tofali za kulaza, zenye unene wa sentimita 23, na zote zimefikishwa kwenye usawa mmoja. Baada ya kuondoa udongo wa juu wenye mizizi na majani, kina cha kujaza kutoka ardhi asilia hadi chini ya tabaka la mawe ni sentimita 30 upande wa mbele na mita 1.1 upande wa nyuma. Mwenye nyumba sasa ana njia mbili za kumwaga jamvi, yaani bamba la zege la sakafu, na siku ya kumwaga zege njia hizo hufanana kiasi kwamba mpita njia hawezi kuzitofautisha.

Katika njia ya kwanza, kifusi hushindiliwa vizuri, mawe hupangwa juu yake, nailoni hutandikwa, kisha humwagwa jamvi la sentimita 10 lenye wavu mwepesi wa nondo. Jamvi hilo hulala juu ya kifusi, na kila kilo inayowekwa juu yake hubebwa na kifusi hicho. Katika njia ya pili, jamvi hufanywa kuwa nene zaidi, tuseme sentimita 15, likawekewa nondo zilizokokotolewa ili livuke kutoka ukuta mmoja wa msingi hadi mwingine, kama lifanyavyo jamvi la ghorofa. Hapo kifusi hutumika kama kitanda cha kumwagia zege tu, na kikija kutitia baadaye, sakafu haifuatani nacho.

Nimeona nyumba nyingi ambazo hazikufuata njia yoyote kati ya hizo mbili: jamvi jembamba la njia ya kwanza limeegemezwa juu ya kuta kama la njia ya pili, na chini yake kuna kifusi ambacho hakikushindiliwa. Huo ndio mchanganyiko mbaya kuliko yote, na sababu zake zitaonekana tutakapofika kwenye kingo.

Kina cha kifusi ndicho kinachoamua

Watu wengi hudhani kwamba kifusi hutitia kwa sababu ya uzito wa nyumba. Katika nyumba ya chini yenye kuta zilizosimama kwenye msingi wake, sivyo ilivyo. Jamvi la sentimita 10 lina uzito wa takriban kilo 240 kwa kila mita ya mraba, na samani na watu huongeza kiasi kidogo. Kifusi chenyewe chenye kina cha mita 1.1 kina uzito unaokaribia tani 2 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo kifusi kirefu hujikandamiza chenyewe, na pia hukandamiza ardhi iliyo chini yake, hata kabla jamvi halijamwagwa.

Tuseme kifusi kilichotupwa bila kushindiliwa kitapungua kwa sehemu 5 katika kila 100. Mbele, ambako kina ni sentimita 30, hiyo ni sentimita 1.5. Nyuma, ambako kina ni mita 1.1, ni sentimita 5.5. Sakafu moja inatakiwa ishuke kwa viwango viwili tofauti, na zege haliwezi kupinda kwa tofauti ya sentimita 4 bila kupasuka. Ubaya zaidi ni kwamba kupungua huko hakuji polepole tu. Udongo uliojazwa ukiwa mkavu na wenye mapengo husimama imara kwa miezi mingi, kisha hujikunja ghafla unapolowa kwa mara ya kwanza, ama kwa mvua za masika zinazopenya kando ya msingi, ama kwa bomba linalovuja chini ya choo.

Kwa sababu hiyo, nchini Uingereza taasisi ya NHBC, inayotoa dhamana za nyumba mpya, haikubali jamvi la kulala ardhini pale kifusi kinapozidi milimita 600. Hapo hutaka sakafu inayobebwa na kuta. Kipimo hicho hakitufungi sisi kisheria, lakini nimekuwa nikikitumia kama mstari wa kujiuliza swali, kwa kuwa kinatokana na jambo lililo rahisi kulielewa: chini ya sentimita 60, tabaka ni nne tu, na msimamizi mmoja makini anaweza kuzifuatilia zote. Juu ya hapo, idadi ya tabaka huongezeka, na tabaka moja tu iliyofanywa kwa haraka jioni ya Jumamosi inatosha kuharibu kazi ya wiki nzima. Katika nyumba yetu, kina cha sentimita 60 kinafikiwa karibu mita 4 kutoka mbele. Tutarudi hapo.

Ujaze nini

Udongo uliotoka kwenye mitaro ya msingi ni rahisi kwa kuwa upo pale pale, na mwekundu wenye mchanga mwingi na mfinyanzi kidogo unafaa, ilimradi usiwe na mizizi, takataka wala madonge. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, haufai kabisa ndani ya msingi, hata kama ni wa bure, kwa sababu hakuna ushindiliaji unaouzuia kuvimba. Mchanga safi hushindilika kwa urahisi na haubadiliki sana kwa maji, lakini una tabia ya kutiririka: ukiacha tundu ukutani au ukapanga mawe makubwa moja kwa moja juu yake, chembe zake huhama na kuacha pengo chini ya jamvi. Moramu yenye mchanganyiko wa kokoto ndogo, mchanga na udongo wa kushikiza ni bora kuliko zote mbili, kwa kuwa chembe ndogo hujaza nafasi za chembe kubwa. Gharama yake ni usafiri.

Ikiwa fedha haitoshi kununua moramu ya kujaza kote, naona ni busara kuitumia kwa sentimita 30 za juu na kutumia udongo mzuri wa kiwanjani chini yake, badala ya kutupa chini mabaki ya ujenzi. Vipande vya tofali, mbao na mifuko ya saruji huacha mapengo ambayo mashine haiyafikii, na mbao huwaita mchwa.

Kushindilia: mkono, mashine au maji

Kwanza tujue kiasi cha kazi. Wastani wa kina katika nyumba yetu ni sentimita 70, na eneo ni mita za mraba 99, hivyo tunahitaji takriban mita za ujazo 69 za kifusi kilichokwisha kushindiliwa. Udongo uliolegea huwa mwingi kuliko ulioshindiliwa. Tukiongeza robo, tunahitaji kuleta kama mita za ujazo 87. Kwa lori linalobeba mita za ujazo 7, hizo ni safari 13. Fundi akikuambia kwamba safari 10 zimetosha kujaza msingi huo hadi juu, bila kuongeza udongo wa mitaroni, basi kilichojaa ni hewa. Hesabu hiyo ndogo ya safari za lori imenisaidia kugundua ushindiliaji hafifu mara nyingi kuliko kifaa chochote.

Kushindilia kwa mkono, kwa kipande cha gogo au chuma chenye mpini, kunafaa pale tu tabaka ni nyembamba, sentimita 10 zilizolegea, na katika pembe ambako mashine haifiki. Kwa kina cha sentimita 30 mbele ya nyumba yetu, vijana wawili wenye subira wanaweza kufanya kazi nzuri. Kwa mita 1.1 nyuma, sijawahi kuona kazi ya mkono ikifanywa kwa uaminifu kuanzia tabaka la kwanza hadi la mwisho. Mashine ya kutetema yenye bamba la chuma chini, inayokodishwa kwa siku, hushindilia tabaka lililomwagwa kwa unene wa kama sentimita 20 likabaki sentimita 15 au 16. Nyuma ya nyumba hiyo kutakuwa na tabaka 7 au 8, na kila moja ipitiwe mara nne hadi sita, kwa kupishanisha njia ya mashine.

Unyevu wa udongo una umuhimu sawa na idadi ya mapito. Chukua udongo mkononi, ukamate kwa nguvu, kisha ufungue kiganja. Ukimwagika kama unga, ni mkavu mno, na chembe zake zitakataa kukaribiana. Ukiacha maji au matope kiganjani, umelowa mno, na mashine itausukuma huku na huku kama unga wa maandazi. Ukibaki donge linalovunjika vipande viwili au vitatu unapolibonyeza kwa kidole, huo ndio wakati wa kushindilia.

Njia ya tatu, ya kufurika maji ndani ya msingi na kuuacha udongo ukae wenyewe, inapendwa sana kwa sababu haihitaji mashine. Kwa mchanga safi ambao maji yake yana mahali pa kutokea, inasaidia kwa kiasi. Kwa udongo wenye mfinyanzi haisaidii. Maji hukaa ndani wiki nyingi, uso hukauka na kuonekana mgumu, na chini hubaki uji. Zaidi ya hapo, maji hayo husukuma kuta. Hata bila maji, msukumo wa kifusi dhidi ya ukuta wa msingi hukua kwa mraba wa kina: ukuta wa nyuma wenye kifusi cha mita 1.1 husukumwa kwa nguvu inayozidi mara 13 ya ile ya ukuta wa mbele wenye sentimita 30. Kwa hiyo ukuta wa nyuma usijazwe kabla chokaa ya saruji iliyounganisha matofali haijakomaa, kuta za ndani zijazwe pande zote mbili kwa pamoja, na nje ya ukuta wa nyuma urudishwe udongo kadiri kazi inavyopanda ndani. Ukuta uliovimba kwa sentimita moja wakati wa kushindilia hauwezi kurudishwa.

Jinsi ya kujua kwamba tabaka limetosha: weka alama ya usawa ukutani, pima uso wa tabaka baada ya mapito manne, pitisha mashine tena mara mbili, na upime upya. Uso ukishuka, endelea. Kisha chukua nondo ya milimita 12 na uisukume kwa uzito wa mwili. Ikizama zaidi ya sentimita chache bila kugonga, tabaka hilo lifanyiwe kazi tena. Kwa jengo kubwa, maabara ya udongo hupima msongamano na kutaka ufikie sehemu 95 kati ya 100 za kiwango cha maabara. Kwa nyumba ya kuishi, hesabu ya malori, alama ya ukutani na nondo zinatosha kumbaini anayekudanganya, mradi uwepo kila tabaka linapofanywa.

Mawe chini ya jamvi

Tabaka la mawe yaliyopangwa kwa mkono, sentimita 15 hadi 20, lina faida mbili za kweli. Linasambaza uzito, na kwa kuwa nafasi kati ya mawe ni kubwa, linakata njia ya unyevu unaonywewa kutoka ardhini kwenda juu. Lakini mawe hayatibu kifusi kibovu. Kifusi kikititia, mawe huenda nacho, na jamvi hubaki na pengo chini yake. Nimewahi kumsikia msimamizi akipunguza mapito ya mashine kwa hoja kwamba mawe yanakuja juu; hoja hiyo ni ya kukataliwa.

Mawe yapangwe yakisimama kwa ncha, yaliyo madogo yagongwe katikati ya makubwa, kisha yapitiwe na mashine hadi yasitikisike chini ya mguu. Juu yake iwekwe moramu laini, vumbi la kokoto au mchanga, sentimita 5, ili uso uwe laini kabla ya nailoni. Ukisahau tabaka hilo laini, kazi yote inayofuata ya kuzuia unyevu ni bure, kwa kuwa kila ncha ya jiwe itatoboa nailoni mara tu fundi atakapoikanyaga na toroli lake.

Hapa njia zetu mbili zinaachana. Jamvi la kulala ardhini linahitaji mawe hayo, au angalau sentimita 15 za moramu nzuri mahali pake. Jamvi linalobebwa na kuta halihitaji mawe ya kubeba chochote. Uso wa kifusi uliosawazishwa kwa mchanga unatosha, na unyevu huachiwa nailoni. Ila hata kwa jamvi hilo kifusi kishindiliwe kiasi cha kuhimili zege bichi la sentimita 15, lenye kilo kama 360 kwa kila mita ya mraba, pamoja na mafundi wake, bila kubonyea katika siku za kwanza ambazo zege bado halina nguvu.

Nailoni: chini ya jamvi au juu yake

Kizuizi cha unyevu, ambacho mafundi hukiita dipiemu, kinaweza kuwekwa chini ya jamvi au juu yake, kati ya zege na sakafu ya kumalizia. Kuiweka juu kuna manufaa pale jamvi la zamani linapotengenezwa upya. Kwa jamvi jipya mimi huchagua chini, kwa sababu nailoni pia huzuia maji ya saruji yasinywewe na kifusi kikavu kabla zege halijakomaa, na hulikinga zege na chumvi za udongo. Gharama ya kuiweka chini ni kwamba haionekani tena. Kosa likifunikwa, limefunikwa.

Nailoni ya geji 1000, yaani mikroni 250, ndiyo ya chini ninayoikubali, na ya geji 1200 ni bora pale mawe yanapotumika. Ile nyembamba ya kufunikia bidhaa sokoni, inayoonyesha vidole ukiishika, haipigi kelele inapotoboka, na ndiyo maana hutumika sana. Vipande vipishane kwa sentimita 15 hadi 30 na maungio yabandikwe kwa gundi ya utepe. Mabomba yanayopenya yavalishwe kipande cha ziada kilichofungwa. Dawa ya mchwa inyunyizwe kwenye uso wa kifusi kabla ya nailoni kutandikwa, na hapo zege limwagwe mapema. Vibao vidogo vya zege viwekwe chini ya wavu ili kuunyanyua, kwa sababu wavu unaolala juu ya nailoni hausaidii jamvi, na fundi anayeunyanyua kwa ndoana wakati wa kumwaga huitoboa nailoni kila anapochomeka.

Kingo

Sakafu nyingi hazishindwi katikati. Hushindwa katika nusu mita ya mwisho inayokaribia ukuta, na hapo ndipo uamuzi wa kuchagua kati ya njia mbili hupata maana yake.

Katika mtindo wa kwanza, jamvi huelea kati ya kuta. Ukuta wa msingi hupanda hadi usawa wa juu wa jamvi, na jamvi humwagwa ndani yake kama maji ndani ya beseni, huku kati ya zege na ukuta kukiwa na ukanda laini wa sentimita 1, wa povu au wa boksi lililopakwa lami. Kifusi kikishuka kwa milimita chache, jamvi zima hushuka pamoja nacho bila kushikwa na ukuta. Utaona mstari mwembamba chini ya vigae vya ukingoni, nao hurekebishika kwa saa moja. Nailoni katika mtindo huu lazima ipande ukingoni, ipite nyuma ya ukanda laini, na ilale juu ya ukuta wa msingi ili ikutane na kizuizi cha unyevu cha ukutani, kile kinachoitwa dipisii, ambacho nacho kiwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Wengi huikata nailoni pale inapokutana na ukuta kwa kuwa inazuia kazi. Matokeo huonekana baada ya msimu mmoja au miwili wa mvua: rangi inavimba na plasta inamomonyoka katika sentimita 30 za chini za ukuta wa ndani, na unga mweupe wa chumvi unatoka. Mwenye nyumba hupaka rangi upya kila mwaka, na chanzo ni pengo la nailoni lenye upana wa ukuta mmoja.

Katika mtindo wa pili, jamvi hupita juu ya kuta za msingi na kuta za nyumba hujengwa juu yake. Ndio mtindo unaopendwa kwetu kwa sababu hakuna fomu ngumu ya ndani, na nailoni inaweza kuendelea juu ya ukuta wa msingi hadi ukingo wa nje bila kukatwa, hivyo unyevu hudhibitiwa kwa urahisi zaidi. Lakini jamvi sasa limeshikwa na kuta pande zote. Kifusi kikishuka hata kwa sentimita moja, jamvi haliwezi kushuka nacho ukingoni; hubaki limeegemea kuta, na katikati halina cha kuliegemeza. Kwa jamvi la sentimita 10 lenye wavu mwepesi uliozama chini kabisa, sehemu ya juu karibu na ukuta huvutika na kupasuka, kwa ufa unaofuata ukuta kwa umbali wa sentimita 30 hadi 60 na kugeuka mshazari pembeni. Ukigonga sakafu kwa mpini wa nyundo, sauti kando ya ukuta huwa nzito na katikati huwa tupu. Huo ndio mchanganyiko nilioutaja mwanzo, na kuujaza ufa kwa saruji hakusaidii kwa kuwa jamvi limekwisha kugeuka kuwa la kubebwa bila kupewa nondo za kubebea.

Kwa hiyo anayetaka mtindo wa pili kwenye kifusi kirefu akubali kwa uwazi kwamba jamvi lake linabebwa na kuta, na alipe nondo zake. Katika vyumba vya nyuma vya nyumba yetu, vyenye upana wa mita 3.5 hivi kati ya kuta za msingi, mhandisi anaweza kupendekeza nondo za milimita 12 kwa kila sentimita 20, pande zote mbili, katika sehemu ya chini, pamoja na nyingine za juu zinazopita juu ya kuta. Zile za chini peke yake ni takriban kilo 8.9 kwa kila mita ya mraba. Wavu mwepesi wa milimita 6 kwa kila sentimita 20 una kilo 2.2. Na kuta za ndani zinazobeba jamvi hilo lazima ziwe zimeshuka hadi ardhi asilia. Ukuta uliojengwa juu ya kifusi hauwezi kubeba jamvi linalokimbia kifusi.

Kuna jambo la mabomba ambalo husahauliwa katika njia zote mbili, na katika njia ya pili ndilo lenye hatari zaidi. Bomba la maji machafu lililolazwa ndani ya kifusi huvutwa chini kifusi kinaposhuka, na huvunjika pale linapopita kwenye ukuta, kwa kuwa ukuta haushuki. Maji yanayovuja hulowesha kifusi, nacho huzidi kushuka. Chini ya jamvi linalobebwa, bomba lifungwe kwa vishikizo vilivyozamishwa kwenye zege ili libaki na jamvi, na tundu la ukutani liwe kubwa kuliko bomba kwa sentimita 5 kuzunguka.

Uamuzi kwa nyumba hii

Tukiweka njia hizo kando kwa kando katika nyumba ya Goba, tofauti ya gharama ni ndogo kuliko watu wanavyotarajia. Sehemu ya nyuma yenye kifusi kinachozidi sentimita 60 ina urefu wa mita 7 na upana wa mita 9, yaani mita za mraba 63. Kuligeuza jamvi la hapo liwe la kubebwa kunaongeza mita za ujazo 3 hivi za zege na kama kilo 420 za nondo za chini, mbali na zile za juu. Kwa upande mwingine, kunaondoa mita za ujazo 9.5 za mawe ya sehemu hiyo, na kunapunguza ukali wa ushindiliaji wa tabaka nane katika eneo ambalo ni gumu kuliko yote kulisimamia.

Ningelichagua jamvi la kulala ardhini kwa mita 4 za mbele, likielea kati ya kuta zake, na jamvi la kubebwa kwa mita 7 za nyuma. Kama kungekuwa na mashine, moramu ya kutosha na msimamizi anayekaa kiwanjani kila siku, ningekubali njia ya kwanza kwa nyumba nzima, kwa sharti kwamba kifusi kimalizwe kabla ya masika na kuachwa kipite mvua kabla ya kumwaga zege. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, nisingeijaribu nyuma.

Mahali ambapo majamvi hayo mawili yanakutana panataka uangalifu. Kiungo kiwekwe juu ya ukuta wa ndani ulio karibu na mita 4, wala kisiachwe katikati ya chumba. Jamvi la nyuma ndilo liegemee ukuta huo; la mbele liishie ubavuni mwake, likitenganishwa kwa ukanda laini, na nailoni ya pande zote mbili ipishane juu ya ukuta. Nondo zisivuke kutoka jamvi moja kwenda jingine. Penye mlango, ukuta wa juu haupo lakini ukuta wa msingi upo, kwa hiyo kiungo kinapita chini ya ubao wa mlango, na hapo fundi wa vigae aambiwe mapema asivushe kigae kizima juu yake, bali akate kwenye mstari huo na kuujaza kwa silikoni.